Mzee wangu wa Fizi aligoma kula nyumbani kwangu Norway mpaka ujumbe uliporudishwa

Wakuu, hodi humu ndani.

Mimi ni yule msomaji wa kimya, miaka nasoma nyuzi zenu nacheka peke yangu kwenye basi. Leo na mimi nina la kusema. Ni kweli tupu, majina tu nimebadilisha, maana mhusika mkuu yuko hai na ana simu.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite, mwenye chai akae.

Mimi ni Mbembe, nimezaliwa Lubondja, Fizi. Vita ikatuvusha ziwa tukiwa wadogo, nikasomea kambini Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu kina miguu miwili, mmoja Kongo mmoja Tanzania. Baadaye wazazi walirudi nyumbani. Mimi nikaletwa huku Norway, kamji kadogo ka pwani, watu wachache na mvua nyingi. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee.

Huku nikampata Lars. Tulifunga ndoa miaka sita iliyopita kwenye ofisi ya manispaa, dakika kumi na mbili, na tuna binti wa miaka minne, Eline.

Baba yangu alisikia habari ya ndoa kwa simu. Hakukasirika. Alisema tu, "Sawa mama, nimesikia." Wazee wa kwetu wanawaita binti zao mama, msishangae. Lakini miaka yote sita hakuwahi kumwita Lars mkwe. Akipiga simu anauliza, "Ule kijana iko muzima?"

Ule kijana! Na mimi nina mtoto naye.

Mwaka jana tukafanikiwa kumleta Mzee kwa miezi mitatu. Habari ya visa naiacha, hiyo ina uzi wake na machozi yake. Akafika na koti la kuazima, Biblia, na begi moja zito kuliko yeye.

Siku ya kwanza nilipika kuku. Nikaweka sahani mezani. Mzee akashukuru, akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa unga wa muhogo na ndakala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Akaomba sufuria.

Nikadhani ni hamu ya kwao. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikamuuliza.

"Mama, mi siwezi kula ku nyumba ya muntu mwenye hatuyaongea naye. Baba yake iko wapi? Wazee hawayaketi. Hapa mi niko mugeni wa njia tu."

Hapo ndipo nilipoelewa lile begi. Alijipimia chakula kutoka Baraka, mji wetu wa soko kando ya ziwa.

Sisemi Wabembe wote wako hivyo. Nasema nyumba ya babu yangu iko hivyo. Baba wa binti hali chakula cha mkwe mpaka wazee wa pande mbili wamekaa na kusemezana. Maji na chai atakunywa. Habari ya mahari hakuigusa kabisa, alisema vitu vinaweza kungoja, maneno hayawezi.

Baba yake Lars anaitwa Arne. Mjane, fundi wa injini za meli aliyestaafu, anakaa mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Mtu mwema sana lakini maneno yake unayahesabu kwa vidole. Alikuwa tayari kuja hata kesho.

Tatizo likawa mdomo. Nani atafsiri?

Mimi siwezi. Binti ambaye ndoa yake inazungumzwa hafungui kinywa kwenye kikao hicho, anakaa jikoni. Lars naye Kiswahili chake ni "karibu chakula". Nikapendekeza mkalimani wa kulipwa kwa njia ya simu. Mzee akakataa: "Muntu mwenye sijui uso yake atasikia maneno ya nyumba yangu, kisha atayatembeza." Mbembe wa karibu zaidi nasi yuko mbali, vivuko viwili vya feri, na kazi zake ni za zamu.

Wiki zikaenda. Mfuko wa unga ukaanza kulegea. Nikinunua unga mwingine duka la Waafrika, anauliza nani kanunua. Nikisema mimi, anaurudisha kabatini bila kuufungua. Mzee akawa anapika ugali wa kimo cha ngumi ya mtoto, na mimi mtu wa kuhudumia wazee nikawa namwangalia baba yangu akikonda ndani ya nyumba yenye friji mbili.

Wakuu, niliumia. Usiku nilikuwa namlaumu Lars ambaye hana kosa.

Hapo ndipo app ya kutafsiri ilipoingia.

Mzee alikuwa anabaki peke yake mchana. Siku moja ametoa taka, akachanganya kila kitu kwenye pipa moja, kama mtu yeyote mwenye akili kutoka kwetu. Jirani yetu, bibi mmoja wa miaka themanini hivi, akatoka, akasema naye, hawakuelewana. Bibi akatoa simu, akaongea nayo, akaigeuza. Simu ikasema kwa Kiswahili, sauti ya mwanamke: "Tafadhali weka karatasi kwenye pipa la bluu."

Mzee alivua kofia akaisalimia. Simu, nasema.

Niliporudi kutoka kazini nilimkuta mlangoni. "Mama! Simu ya huyu mumama inasema Kiswahili, na iko na adabu!"

Nikampa simu yangu ya zamani, nikamwekea ile app. Nilimwonyesha mara moja tu: Kiswahili upande huu, Kinorwe upande ule, mshale wa kugeuza katikati, maiki chini. Nikaenda kuoga. Nilipotoka alikuwa jikoni anaelekeza kamera kwenye boksi la maziwa, na yale maandishi ya Kinorwe yanageuka Kiswahili juu ya picha, yakitikisika kila mkono wake ukitikisika. Alisoma boksi zima, mpaka anwani ya kiwanda.

Hapa lazima niwaambie baba yangu ni nani, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata.

Zaidi ya miaka ishirini alikuwa mkalimani wa kanisa. Mhubiri mgeni akija na Kifaransa au Kiswahili chake, Mzee anasimama kando yake anawapa mama wazee neno kwa Kibembe. Na kazi hiyo aliirithi, maana babu yangu alikuwa mjumbe wa miguu wa wazee, Lubondja hadi Kilembwe.

Mjumbe wa enzi hizo alikuwa na sheria moja. Ukimpa neno, haondoki. Kwanza analirudisha kwako, kama alivyolisikia, mpaka useme ndiyo. Akifika kule, aliyepokea naye analirudisha kwa mjumbe kabla mjumbe hajageuka. Kwetu inaitwa kurudisha ujumbe. Babu alikuwa akisema neno lisilorudishwa halijafika.

Kwa hiyo Mzee aliichukua ile app kama kijana mgeni anayeomba kazi ya ujumbe. Akaifanyia usaili.

Kwanza akatafuta Kibembe kwenye orodha ya lugha. Akaona Kibemba akaruka kwa furaha, kumbe ni cha Zambia, cha kwetu hakipo. Nadhani ndiyo mara pekee simu ilimvunja moyo.

Kisha akaongea nayo Kiswahili cha Baraka. "Batoto beko banacheza." Ikaandika vitu vya ajabu, hata mimi sikuelewa. Akajaribu tena kwa Kiswahili cha Biblia, kile cha mimbarani: "Watoto wanacheza." Ikapata palepale. Akatikisa kichwa: "Sawa. Huyu alisoma ku masista." Tangu siku hiyo akiongea nayo ananyoosha mgongo na lugha yake inavaa tai.

Halafu akaanza kuirudisha. Anasema sentensi kwa Kiswahili, inakuja ya Kinorwe. Anabonyeza mshale wa kugeuza, ile ya Kinorwe inaingia upande wa kwanza, inatafsiriwa tena Kiswahili. Kama iliyorudi ni ileile, sawa. Kama imerudi imechafuka, anaisema upya, fupi zaidi.

Akajaribu methali, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ikarudi na habari ya mtu aliyetoka hospitali. Akaandika kwenye daftari: methali hapana.

Akajaribu sentensi ndefu yenye mambo manne. Ikarudi na matatu. Akaandika: jambo moja, sentensi moja.

Alikuwa na daftari zima, wakuu. Mimi nina app hiyo miaka saba na sikuwahi kujua hata nusu ya aliyoyagundua ndani ya wiki mbili.

Nilimwambia pia ukweli kwamba sauti yake inasafiri mpaka kompyuta za watu mbali ndipo irudi. Akashtuka: "Basi nayo inatembeza maneno?" Tukapakua lugha zote mbili ili ifanye kazi bila mtandao. Kwa simu ile, bila mtandao ilikubali maandishi tu, sauti ikagoma. Akafikiri siku mbili. Mwishowe akasema kompyuta ya mbali haimjui yeye wala ukoo wake, na haina shemeji Baraka. Akakubali.

Kwa mjukuu wake hakuitumia hata siku moja. Eline na babu yake walikuwa wanaelewana kwa njia zao wenyewe, za kufinyana mashavu na kuficha soksi.

Ukabaki unga wa siku nne hivi. Mzee akasema, "Mwite Arne."

Arne alikuja Jumamosi mchana amevaa suti. Sijawahi kumwona na suti tangu mazishi ya mke wake. Akavua viatu mlangoni, akakaa. Mzee mbele yake, simu katikati, imelazwa mezani. Mimi jikoni, mlango wazi. Lars kando yangu.

Na huyo Lars ndiye aliyefanya kosa, kwa upendo. Asubuhi alikuwa amefungua sehemu ya mazungumzo na kuiweka kwenye auto, ili Mzee asihangaike kubonyeza. Auto inasikiliza yenyewe lugha zote mbili. Ikisikia kimya kidogo inajua umemaliza, inatafsiri na kusema kwa sauti. Mzee alikuwa hajawahi kuitumia hivyo. Yeye alizoea kubonyeza maiki mwenyewe.

Sasa sikilizeni jinsi mzee wa kwetu anavyoongea kikaoni.

Anasema kipande. Ananyamaza. Waliokaa wanaitika, "Eeeh." Anasema kipande kingine. Kile kimya ndiyo heshima yenyewe, neno linapewa nafasi ya kukaa. Na asipoitikiwa, anajua hasikilizwi.

Baba akaanza vizuri. Akamsalimu Arne, akampa pole ya mke wake. Kisha akanyoosha mgongo, akaingia kwenye neno lenyewe:

"Mimi siwezi kuikubali ndoa ya watoto hawa..."

Akanyamaza.

Simu ikaongea. Kinorwe safi, sauti ya upole kabisa: mimi siwezi kukubali ndoa ya watoto hawa.

Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alidhani simu inamwitikia! Kwamba imesema ile "eeeh" ya kikao. Akaendelea taratibu: "...kabla sijakushukuru wewe, uliyempokea mtoto wangu asiye na baba hapa." Hiyo sehemu haikufika popote. Simu ilikuwa bado inasema, na ilipokuwa inasema haikuwa inasikiliza.

Mimi nilisikia yote mawili, wakuu. Kiswahili chote na Kinorwe nusu. Nilikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyejua kilichotokea, na ndiye mtu pekee asiyeruhusiwa kusema.

Nilimwona Arne uso ukishuka. Hakubisha, watu wa huku hawabishi. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu, akasimama, akaenda mlangoni. Akaanza kuvaa viatu.

Lars akanishika mkono. "Sema kitu," ananinong'oneza. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini nikifungua mdomo kikao kimekufa, na Baba angepanda ndege na njaa yake, na kusema mtoto wake alikivunja yeye mwenyewe. Nikauma kitambaa cha vyombo.

Arne alikuwa kwenye kamba za kiatu cha pili Baba aliposimama. Hakujua kosa liko wapi. Alijua tu kwamba mtu anaondoka na neno ambalo hajalirudisha, na hiyo katika nyumba ya babu yangu haijawahi kutokea.

Akaichukua simu, akatoka kwenye ile auto, akarudi kwenye maiki yake. Akabonyeza. Akasema polepole, kwa Kiswahili cha mimbarani: "Usiondoke bado. Niambie umesikia nini."

Simu ikasema. Arne akabaki ameinama na kamba mkononi. Kisha akajibu, na simu ikageuza kwa Kiswahili:

"Nimesikia kwamba huwezi kukubali ndoa yao. Ninaheshimu hilo. Lakini ninahuzunika sana."

Baba alijipiga paja mpaka Eline akatoka chumbani.

"Ah-ah! Hapana! Hii mujumbe iliondoka na nusu!"

Hiyo aliisema kwa Kiswahili cha Baraka, na simu ikatoa kitu ambacho hakuna anayekijua mpaka leo. Lakini Arne alimwona uso, akaiacha kamba.

Wakakaa tena. Sasa Baba akaendesha kikao kama alivyofundishwa. Anabonyeza, jambo moja, sentensi moja. Inakuja ya Kinorwe, hairuhusu kwanza, anaigeuza irudi Kiswahili, anaisoma kwa miwani yake. Ndipo anambonyezea Arne asikie. Na haikuishia hapo. Arne naye lazima aseme kwa maneno yake mwenyewe alichosikia, na simu imletee Baba.

Baadaye nilimuuliza kwa nini achoshe watu mara mbili wakati simu ilishajirudishia. Akasema, "Simu ikijirudishia yenyewe, ni muntu moja iko shahidi na iko juji. Inaweza kosea kwenda na kosea kurudi, njia ile ile. Mwenye kupokea ndiye anarudisha."

Kwa kazi yangu ya wazee nimesoma kozi mbili za mawasiliano. Hakuna aliyenifundisha hilo.

Basi neno likafika lote. Kwamba asingeweza kuikubali ndoa kabla ya kumshukuru Arne aliyempokea mtoto wake asiye na baba ugenini. Arne akalirudisha: "Nimesikia kwamba unataka kunishukuru kwanza."

"Ndiyo," Baba akasema. "Umesikia."

Arne akakaa kimya muda mrefu sana. Bahati auto ilikuwa imezimwa. Baba akamwachia kimya chake, maana kimya anakijua. Kisha yule mtu wa maneno matatu kwa siku akavuta simu karibu, akaongea.

"Mke wangu alipokuwa mgonjwa, binti yako alikuja kila jioni kumwosha nywele. Sijawahi kusema asante. Sikujua nimwambie nani."

Kweli niliziosha. Sikudhani aliona.

Baba akasoma kile kioo. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Halafu akarudisha, kama sheria inavyotaka: "Nimesikia kwamba mtoto wangu aliosha nywele za mke wako. Na kwamba umekuja na asante. Mimi ndiye wa kuambiwa. Imefika."

Jikoni hakukuwa na mtu mzima, niseme tu ukweli. Lars alilia kwenye taulo, mimi kwenye kitambaa cha vyombo.

Kikao kilichukua saa mbili kwa maneno ambayo wazee wawili wa lugha moja wangeyamaliza kwa robo saa. Mwisho Baba akaita, "Mukwe! Kuya hapa." Lars hakuelewa, nikamsukuma.

Nilikuwa nimepika viazi vya kuchemsha na samaki, chakula cha Arne. Viazi ambavyo Mzee alikuwa ameviita chakula cha mgonjwa wiki nane mfululizo. Nikapakua sahani tatu. Nikasita. Nikapakua ya nne, nikaiweka mbele yake bila kumwangalia.

Akaomba, akala. Alikula polepole mpaka mwisho, akasafisha sahani kwa kipande cha kiazi. Kisha akaisukuma mbele yangu.

"Mama, ongeza."

Wakuu, mimi siwauzii app. Mara nyingine inadanganya kwa sauti tamu sana, na lugha ya mama yangu haiijui kabisa. Mzee wangu aliiheshimu na hakuiamini, vyote kwa pamoja, na nadhani hapo ndipo akili yake ilipo. Nimejifunza kwake kwamba mashine itabeba neno, lakini kazi ya kuuliza "umesikia nini?" bado ni yetu. Hata ndani ya ndoa. Mimi na Lars tunagombana lugha moja na huwa haturudishi.

Nanyi mlioko mbali na wazazi wenu, leteni ya kwenu. Mlivuka vipi mto wa lugha na wakwe? Na kama kuna Mbembe humu anayejua namna ya kuingiza lugha yetu kwenye hizi app, anitafute, Mzee ana daftari lake na muda mwingi.

EDIT: Wengi mnauliza kama wazee bado wanaongea. Mzee amesharudi nyumbani. Akishuka Baraka siku ya soko anapata mtandao, anamwandikia Arne, jambo moja sentensi moja. Jumapili hii Arne kanionyesha jibu lake kabla ya kulituma, akitaka kujua kama ameliweka sawa. Mimi sijamfundisha, naapa. Limeandikwa hivi:

"Nimesikia kwamba mvua imenyesha Lubondja na mihogo yako imepona. Nimesikia kwamba goti linauma kidogo. Je, nimesikia yote?"